Kasi ya Sauti Inavyofichua Joto la Shaba

Sauti hupita ndani ya shaba kwa njia mbili. Kuna mawimbi yanayosukuma na kuvuta atomi kuelekea kule yanakokwenda, na hayo hukimbia mita 4,700 hivi kwa sekunde. Kuna mengine yanayotikisa atomi upande kwa upande, na hayo huenda nusu ya kasi hiyo, mita 2,300 hivi. Mpe mwanafizikia tarakimu hizo mbili, umtajie na idadi ya atomi zilizomo katika kila sentimita moja ya ujazo, naye atakwambia bila kushika kipimajoto ni joto kiasi gani litakalohitajika kupasha kipande cha shaba kilichopoozwa hadi nyuzi 265 chini ya sifuri. Ukipima utakuta amekaribia mno. Mtu aliyeonyesha njia ya hesabu hiyo ni Mholanzi Peter Debye, mwaka 1912, akiwa na umri wa miaka 28.

Ili kuona Debye alifanya nini, inabidi turudi nyuma kidogo. Mwaka 1819 Wafaransa wawili, Dulong na Petit, waligundua kwamba ukilinganisha vitu vigumu kwa idadi sawa ya atomi, badala ya uzito sawa, karibu vyote vinataka joto lile lile ili vipande nyuzi moja. Kwa vipimo vya leo ni jouli 25 hivi kwa kila moli. Gramu 63.5 za shaba na gramu 207 za risasi zina atomi sawa kwa idadi, na zote hudai takriban jouli 25. Maelezo yake yalipatikana baadaye: joto ndani ya kitu kigumu ni mtikisiko wa atomi, na kila atomi hupata fungu sawa na jirani yake, iwe nzito au nyepesi.

Almasi ilikataa kufuata kanuni hiyo. Katika joto la kawaida la chumbani, moli moja ya almasi huridhika na jouli 6 tu. Heinrich Weber, aliyekuja kuwa mwalimu wa Einstein huko Zurich, alipima almasi katika baridi na katika moto mkali, akaona kwamba ikipashwa sana huanza kufanana na vitu vingine, na ikipoozwa huzidi kupungukiwa. Kwa fizikia ya zamani jambo hilo halikuwa na jibu, kwa sababu mafungu sawa hayana habari na baridi.

Jibu la kwanza lilitoka kwa Einstein mwenyewe mwaka 1907. Alisema atomi haiwezi kupokea nishati kidogo kidogo ipendavyo. Huipokea kwa vifungu vizima, na ukubwa wa kifungu hutegemea kasi ya mtikisiko: unaotikisika upesi una kifungu kikubwa, wa polepole una kifungu kidogo. Fikiria duka linalouza sukari kwa pakiti zilizofungwa tu, hakuna kupimiwa. Halijoto ndiyo fedha iliyo mfukoni mwa mteja. Mwenye fedha nyingi hununua bila kujali ukubwa wa pakiti, lakini mwenye fedha kidogo hutoka mikono mitupu, hata kama hamu anayo. Atomi za almasi ni nyepesi na zimeshikana kwa nguvu, kwa hiyo hutikisika upesi sana na pakiti zake ni kubwa. Hata joto la chumbani kwake ni fedha ndogo.

Hapo Einstein alikuwa sahihi, ila duka lake lilikuwa na pakiti za ukubwa mmoja tu. Alichukulia kwamba kila atomi hutikisika peke yake, na zote kwa kasi ile ile. Matokeo yake ni kwamba baridi ikizidi, hakuna mteja hata mmoja anayeweza kununua chochote, na uwezo wa kupokea joto huporomoka ghafla hadi karibu na bure. Walther Nernst na wasaidizi wake mjini Berlin, waliokuwa wakipima metali katika baridi kali miaka hiyo, walikuta kweli unashuka, lakini kwa upole zaidi ya hapo. Tukiichukua shaba katika kelvini 10, yaani nyuzi 263 chini ya sifuri, hesabu ya Einstein hutoa jawabu lililo pungufu karibu mara laki moja kuliko kipimo. Kosa la ukubwa huo halirekebishwi kwa kuongeza tarakimu moja pembeni. Kuna kitu kizima kilichosahauliwa.

Kilichosahauliwa ni kwamba atomi zimefungamana. Moja ikisogea, humvuta jirani yake, naye humvuta wa pili yake, na mtikisiko huo ukisafiri kutoka upande mmoja wa kipande hadi mwingine ndio tunaouita sauti. Debye aliacha kuhesabu atomi moja moja, akahesabu mawimbi. Na mawimbi yana kila ukubwa. Yapo marefu yanayojaza kipande kizima na kutikisika polepole, na yapo mafupi yasiyozidi nafasi ya atomi mbili yanayotikisika upesi sana. Sasa duka lina pakiti za kila kipimo, na hata mwenye senti chache hapati shida ya kuondoka na kitu. Kifungu kimoja cha nishati ya wimbi la namna hii ndicho kinachoitwa fononi, jina lililotolewa mwaka 1932 na Mrusi Yakov Frenkel kufuatia wazo la mwenzake Igor Tamm. Fononi hazina idadi maalumu. Ukipasha kitu zinazaliwa nyingine, ukikipooza zinatoweka.

Kutoka hapa kanuni ya kipeo cha tatu hutokea karibu yenyewe, na naomba msomaji aifuate hatua kwa hatua maana ndiyo kiini cha habari yote. Katika halijoto fulani, mawimbi yenye vifungu vidogo kuliko nishati iliyopo huwa hai, na kila moja huchangia fungu lake kamili. Yenye vifungu vikubwa zaidi hulala, hayachangii chochote. Tuseme sasa tunapunguza halijoto kwa nusu. Kifungu kikubwa kinachoweza kununuliwa nacho hupungua kwa nusu, na kwa kuwa haya ni mawimbi ya sauti, wimbi fupi kuliko yote lililo hai linakuwa na urefu mara mbili ya lile la mwanzo. Je, ni mawimbi mangapi yamebaki? Wimbi linaweza kujipanga kwa urefu wa kipande, kwa upana wake na kwa kina chake. Katika kila mwelekeo tumepoteza nusu ya nafasi. Nusu ya nusu ya nusu ni moja ya nane. Basi halijoto ikipungua mara mbili, uwezo wa kupokea joto hupungua mara nane. Ikipungua mara kumi, hupungua mara elfu. Tatu hiyo ni zile pande tatu za dunia tunayoishi.

Lilibaki swali la mwisho: mawimbi yanaishia wapi? Kipande chenye atomi kadhaa hakiwezi kuwa na mitikisiko tofauti inayozidi mara tatu ya idadi ya atomi hizo, kwa sababu kila moja ina pande tatu tu za kusogea. Debye alipanga mawimbi kuanzia marefu kwenda mafupi, na hesabu ilipotimia akakata. Kifungu cha wimbi la mwisho kabla ya mkato, kikigeuzwa kuwa halijoto, huitwa halijoto ya Debye. Risasi, iliyo nzito na laini, ina 105. Almasi ina zaidi ya 2,200, na hilo peke yake linaeleza ukaidi wake wa karne nzima.

Kwa shaba tunaweza kuitafuta wenyewe. Wastani wa kasi za sauti tulizotaja, ukizingatia kwamba mawimbi ya upande yako ya aina mbili na ya kusukuma ni aina moja, ni mita 2,600 hivi kwa sekunde. Ukiunganisha na atomi zake, ambazo ni 8.5 × 10²² katika kila sentimita ya ujazo, unapata halijoto ya Debye ya takriban kelvini 342. Kipimo cha joto chenyewe, kilichofanywa katika baridi kali bila kusikiliza sauti yoyote, hutoa 343. Mimi sijui mifano mingi katika fizikia ambapo njia mbili zisizofahamiana hukutana karibu kiasi hiki.

Fomula ya kutumia kwenye baridi ni fupi:

C = 1944 × (T/θ)³

C ni jouli zinazohitajika kwa moli kupanda kelvini moja, T ni halijoto, na θ ni halijoto ya Debye. Kwa shaba katika kelvini 10 inatoa 0.048. Kipimo kinasema 0.055. Tofauti hiyo ndogo si ya kupuuzwa wala si kosa la fononi. Shaba ni metali, na ndani yake zimo elektroni zinazozunguka huru, nazo hupokea joto lao. Sehemu ya elektroni hupungua sambamba na halijoto, bila kipeo. Ukiijumlisha, 0.007, hesabu inafunga.

Kwa kuwa fononi hupungua upesi kuliko elektroni, chini ya kelvini 4 hivi elektroni ndizo zinazotawala, na katika kelvini 1 zinazidi fononi zaidi ya mara kumi. Asiyejua hilo akipima shaba hapo ataapa kwamba kanuni ya Debye imevunjika. Wapimaji wanazitenganisha kwa mbinu rahisi: hugawa C kwa T, kisha huchora jawabu dhidi ya T². Vipimo vikikaa kwenye mstari ulionyooka, mwinamo wa mstari unatoa mchango wa fononi, na mahali unapokata mhimili wima ni mchango wa elektroni. Mstari ukipinda, kuna jambo jingine ndani ya kitu hicho, kwa mfano usumaku.

Mipaka ya Debye mwenyewe ni lazima itajwe. Katika kelvini 20, kanuni ya kipeo cha tatu pamoja na elektroni inatabiri 0.40 kwa shaba, lakini kipimo ni 0.46. Sababu ni kwamba mawimbi mafupi, yanayokaribia umbali wa atomi kwa atomi, hayaendi tena kwa kasi ile ile ya sauti. Huchelewa, na vifungu vyao huwa vidogo kuliko alivyodhani Debye. Ndiyo maana wajuzi huiamini kanuni hii chini ya sehemu moja ya hamsini ya halijoto ya Debye tu, ambayo kwa shaba ni kelvini 7 hivi. Kioo nacho, ambacho atomi zake hazikupangwa kwa safu, huachana na kanuni hii chini ya kelvini 1. Zeller na Pohl walionyesha hivyo mwaka 1971, na kioo hicho si metali hata tukaweza kuwasingizia elektroni.

Wanaofanya kazi na sumaku za baridi kali, kama zilizomo ndani ya mashine za MRI, hukutana na kanuni hii kila siku. Kupooza shaba kutoka joto la chumbani hadi kelvini 4 kunahitaji kuondoa jouli 80 hivi kwa kila gramu, na zaidi ya tisa ya kumi ya joto hilo hutoka kabla ya kufika kelvini 77, ambapo naitrojeni ya kimiminika, iliyo rahisi kwa bei, inatosha. Heli iliyo ghali huachiwa sehemu ndogo iliyobaki. Upande wa pili wa jambo hilo hilo ni hatari: waya uliopoozwa hadi kelvini 4 hauna pa kuweka joto, na ukisogea kidogo tu mahali pake, msuguano huo mdogo unaweza kuupandishia halijoto hadi sumaku nzima ikapoteza nguvu yake.