Miaka Yote Kwenye Karatasi Moja

Mwanafunzi wa kidato cha nne anayepitia vitini vyake vya historia hukutana na mwaka 1890 mara tatu. Katika kitini cha kugawanywa kwa Afrika, ni mwaka wa mkataba wa Heligoland kati ya Uingereza na Ujerumani. Katika kitini cha Zanzibar, ni mwaka ambao visiwa viliingia chini ya himaya ya Waingereza. Katika kitini cha upinzani, ni mwaka ambao Bwana Heri wa Saadani aliweka silaha chini. Mwanafunzi huyo hukariri mambo matatu, kila moja mahali pake, bila kuona kwamba ni habari moja. Vitini hupangwa kwa mada, na ndiyo maana swali la kupanga sentensi kwa mfuatano wa matukio huwasumbua hata wanaoelewa kila mada vizuri.

Dawa yake ni karatasi moja ya mfuatano wa miaka, ambayo mwanafunzi huitengeneza mwenyewe kutokana na vitini hivyohivyo. Kazi huanza kwa penseli. Pitia kitini kimoja baada ya kingine na kuzungushia duara kila mwaka, bila kunakili maelezo. Kisha hamishia miaka yote kwenye karatasi ya rasimu kuanzia wa zamani kabisa: mwaka, tukio kwa maneno yasiyozidi matano, na pembeni jina la kitini ulikotoka. Pembeni hapo ndipo ugomvi wa vitini hujitokeza. Kimoja kitasema Seyyid Said alihamishia makao yake Zanzibar mwaka 1832, kingine 1840. Kitini hiki kitaandika Mkutano wa Berlin 1884, kile 1885. Usichague kwa kubahatisha. La Berlin ni rahisi, kwa kuwa mkutano ulianza Novemba 1884 ukamalizika Februari 1885. La Seyyid Said liulize kwa mwalimu, na ubaki na jibu ambalo darasa lako linalitumia, yaani 1840 katika shule nyingi.

Baada ya rasimu ndipo unakata enzi. Wengi hukata kwa karne, nami naona hilo ni kosa, kwa sababu mwaka 1900 haukubadilisha chochote Tanganyika. Kata pale mwenye madaraka alipobadilika. Kwa historia ya Tanzania zinapatikana enzi sita: Wareno na Waomani pwani, kuanzia 1498, Usultani wa Zanzibar, kuanzia 1840, kugawanywa, 1884 hadi 1891, Wajerumani hadi 1918, Waingereza hadi 1961, na uhuru na baada yake. Kila enzi ipewe miaka mitano au sita tu. Ikizidi hapo, enzi hiyo igawanywe au tukio moja litolewe, maana ukurasa uliojaa hausomeki kichwani.

Sasa vishikizo, yaani kile kitu kidogo kinachoushika mwaka usidondoke. Watu hudhani kishikizo lazima kiwe kibwagizo au kichekesho cha kubuni. Kilicho imara zaidi hutoka ndani ya matukio yenyewe. Enzi ya tatu, ambayo wanafunzi huiogopa kuliko zote, inaonyesha hivyo vizuri.

Tazama miaka yake: 1884, 1886, 1888, 1890. Inapanda mbili mbili, na kila hatua inazaa inayofuata. Mwaka 1884 Karl Peters alipita Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami akikusanya mikataba ya ulaghai kwa machifu, na Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikaitambua. Sultani wa Zanzibar alilalamika kwamba ardhi ile ni yake, na Waingereza nao walikuwa na macho huko. Basi mwaka 1886 mataifa hayo mawili yakakubaliana mipaka, na Sultani akaachiwa visiwa pamoja na ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi. Ukanda huo ndio wenye bandari, na kampuni ya Wajerumani haikuweza kufanya biashara bila bandari. Mwaka 1888 ikaukodi kwa Sultani, ikapandisha bendera yake Pangani, na watu wa pwani wakainuka chini ya Abushiri. Kampuni ilishindwa, Berlin ikamtuma Wissmann na jeshi, na Abushiri akanyongwa Desemba 1889. Mwaka 1890 mambo yakafungwa: Waingereza wakachukua Zanzibar, Wajerumani wakapata kisiwa cha Heligoland na kuununua ukanda wa pwani. Tarehe 1 Januari 1891 serikali ya Ujerumani ikachukua utawala kutoka kwa kampuni.

Kwenye karatasi, habari yote hiyo hukaa kwa maneno manne: mikataba, mipaka, pwani, mwisho. Mwanafunzi akisahau 1888, hahitaji kuhangaika. Atajiuliza mipaka ya 1886 iliacha nini bila mwenyewe mpya, atakumbuka pwani, ataongeza mbili. Kishikizo hiki kina ukomo wake, na uandikwe palepale: 1891 haimo kwenye ngazi. Ameshatokea mwanafunzi anayeisukuma hadi 1892 ili ngazi ikamilike. Iweke 1891 juu ya enzi inayofuata, kama mwaka wa kufungulia.

Enzi nyingine zina vishikizo vyake. Miaka yenye 98 ni mitatu: Vasco da Gama alifika pwani yetu 1498, Wareno wakapoteza Ngome ya Yesu ya Mombasa 1698, Mkwawa akafa 1898. Maji Maji ni neno mara mbili na ilipigwa miaka miwili, 1905 hadi 1907. TANU ilizaliwa saba saba mwaka 1954, na baada ya miaka saba, 1961, uhuru ukaja. Azimio la Arusha lilitangazwa 5 Februari 1967, na CCM ikazaliwa tarehe hiyohiyo miaka kumi baadaye. Hiki cha mwisho si sadfa, tarehe ilichaguliwa kwa makusudi, na mwanafunzi anayejua hilo hawezi kuzichanganya.

Karatasi ikikamilika huja hatari ambayo haionekani upesi. Mwanafunzi anaikariri kutoka juu hadi chini, anaona ameiva. Muulize ghafla, "1888?" Ukiona midomo inaanza kuhesabu toka 1498, ujue ameshika wimbo, hajashika miaka. Mwulize kwa njia tatu: taja mwaka ataje tukio, taja tukio ataje mwaka, na taja matukio mawili aseme lililo katikati. Njia hiyo ya tatu ndiyo inayofanana na swali la mtihani. Kesho yake apewe karatasi tupu yenye majina ya enzi sita tu, aijaze bila kutazama, kisha arudie tena baada ya wiki. Mwaka unaokosewa mara mbili ndio unaohitaji kishikizo kipya, mingine iachwe.

Kuna kundi moja linalokataa karibu kwa kila mwanafunzi: 1919, 1920 na 1922, mwanzoni mwa enzi ya Waingereza. Vitini huandika yoyote kati ya hiyo kuwa ndiyo Waingereza waliichukua Tanganyika. Ukweli ni hatua tatu. Mwaka 1919, katika mkataba wa Versailles, Ujerumani ilinyang'anywa koloni. Mwaka 1920 nchi ikapewa jina la Tanganyika. Mwaka 1922 Shirikisho la Mataifa likathibitisha kuikabidhi kwa Uingereza kuwa nchi ya udhamini. Andika maneno matatu kando ya miaka hiyo: kunyang'anywa, kuitwa, kukabidhiwa.