Kabla ya kupiga video ya somo, tupange simu kwanza

Katika vikundi vyetu mara nyingi tunapiga video ya somo ili wale waliobaki na watoto ao waliokwenda shamba nao walifuate. Tuchukue mfano huu: mama mwuguzi anafundisha kwa dakika 40 namna ya kupika uji wa sosoma, na vipimo vya soja, mtama na mahindi anaviandika ubaoni. Kama vipimo havisomeki, yule aliyebaki nyumbani atasikia sauti tu na kukisia kiasi cha kumwekea mtoto wake. Basi tupange mambo matatu katika simu, na tuyafuate kwa utaratibu huu.

La kwanza ni wingi wa nukta za picha. Fungua kamera, ingia upande wa video, gusa alama ya gurudumu, kisha tafuta maneno « Résolution vidéo ». Mara nyingi utakuta HD (1280 × 720), FHD (1920 × 1080) na UHD ao 4K (3840 × 2160). Tuseme ubao wa meta 3 unajaza upana wa picha, na mwuguzi anaandika herufi za sentimeta 3. Katika HD kila herufi inapata nukta karibu 13 tu kwa urefu. Katika FHD inapata 19. Herufi ya nukta 13, WhatsApp ikiisha kuibana, namba 3 na 8 zinafanana. Kwa hiyo somo lenye ubao linataka FHD. HD inatosha kama mwalimu anasema tu bila kuandika.

Je, 4K si bora zaidi? Inakula nafasi. Kwa simu nyingi FHD ya picha 30 kwa sekunde inachukua karibu mega 130 kwa dakika, na 4K karibu mega 350. Kwa dakika 40, FHD inafika karibu giga 5, na 4K giga 14. Simu yenye giga 8 za wazi itaikata 4K katikati ya somo. Simu hazifanani, basi pima yako: piga dakika moja, angalia uzito wake, zidisha kwa 40. Tena, simamisha video kila somo linapobadili sehemu; vipande vya dakika 10 vinatumika kwa urahisi zaidi.

La pili ni utulivu wa picha, « Stabilisation vidéo ». Ukiiwasha, simu nyingi zinakata kidogo pembeni za picha ili zipate nafasi ya kusawazisha mtikisiko wa mkono. Ukishika simu mkononi, iwashe. Lakini kwa dakika 40 mkono utachoka; afazali kuweka simu juu ya kiti kilichopandishwa mezani, ukiiegemeza kwa mfuko mdogo wa maharagi. Simu ikisha kutulia hivyo, zima utulivu huo. Ukiuacha, katika simu nyingine ubao unaonekana kuteleza polepole wakati mwalimu anapotembea, hata kama simu haikuguswa. Na ujue kwamba hauondoi ukungu wa chumba chenye giza. Dawa yake ni kufungua madirisha.

La tatu ni mistari ya kioo, « Grille » ao « Quadrillage ». Ni mistari miwili ya kusimama na miwili ya kulala; inaonekana kwenye kioo tu, haiingii katika video. Inakuja mwisho kwa sababu kubadili nukta ao utulivu kunaweza kubana picha, na ubao uliokuwa ndani ukatoka pembeni. Laza simu, kisha linganisha ukingo wa juu wa ubao na mstari wa kulala. Ukingo ukipanda upande mmoja, simu imeinama upande. Kama kingo mbili za kusimama zinakaribiana huko juu, simu inatazama juu: usiizungushe, inua meza. Macho ya mwalimu yakae karibu na mstari wa juu, naye asimame kando ya mstari mmoja wa kusimama, ili asifunike vipimo.

Mwishoni, mwombe mwalimu aandike kipimo kimoja katika pembe ya chini ya ubao. Piga sekunde 20, tuma kwa WhatsApp kwenye simu ya jirani, na umwombe mama ambaye hakuona ubao asome. Akisoma sawasawa, anza. Akikosea, sogeza simu karibu ao omba herufi kubwa zaidi, lakini usivute picha kwa vidole, kwani mara nyingi hiyo inapanua nukta zilezile bila kuongeza nyingine.