Filamu ikikwama nyumbani: seva ifungwe waya kwanza

Seva ya nyumbani ni kompyuta ndogo, au kisanduku chenye diski moja au mbili, inayohifadhi filamu, muziki na picha za familia ili runinga na simu zote za nyumba zizifungue kupitia ruta. Inapounganishwa kwa waifai, mara nyingi hufanya kazi vizuri kwenye picha na muziki, kisha hushindwa kwenye filamu: picha inaganda, sauti inakatika, kiduara kinazunguka, halafu filamu inaendelea kwa dakika chache na kukwama tena.

Wengi hukimbilia kulipia kifurushi kikubwa zaidi cha intaneti. Hatua hiyo haisaidii, kwa sababu filamu inayotoka kwenye seva ya chumbani kwenda runinga ya sebuleni haipiti kwenye intaneti kabisa. Inaishia kwenye ruta na kurudi. Hata intaneti ikikatika, filamu hiyo bado inaweza kuchezwa. Kasi inayohusika hapa ni ile iliyomo ndani ya nyumba tu.

Jambo la pili linalowachanganya watu ni kwamba filamu za mtandaoni hucheza bila tatizo kwenye runinga hiyohiyo. Kampuni za filamu za mtandaoni huwa na nakala kadhaa za kila filamu, nzito na nyepesi. Kasi ikishuka, mtazamaji hupewa nakala nyepesi, na picha hupungua ubora kidogo bila kusimama. Seva ya nyumbani kwa kawaida ina faili moja tu, na huituma kama ilivyo. Uzito wake unaweza kukadiriwa: filamu ya saa 2 yenye gigabaiti 27 inahitaji wastani wa megabiti 30 kwa sekunde. Huo ni wastani tu. Palipo na mvua, moshi au umati unaokimbia, picha hubadilika sana, na mahitaji yanaweza kupanda mara mbili kwa sekunde kadhaa. Ndiyo maana filamu hukwama kwenye matukio yaleyale kila inaporudiwa, huku mazungumzo ya watu wawili mezani yakipita salama.

Chanzo kikuu cha udhaifu wa waifai ni kwamba hewa ni moja na wote wanaigawana. Katika chaneli moja, chombo kimoja tu hutuma kwa wakati mmoja. Vingine husubiri zamu, vikiwemo vya jirani vilivyo kwenye chaneli hiyohiyo. Seva na runinga zikiwa zote kwenye waifai ya ruta moja na masafa yaleyale, kila kipande cha filamu husafiri hewani mara mbili: kwanza kutoka seva kwenda ruta, kisha kutoka ruta kwenda runinga. Safari hizo mbili haziwezi kufanyika kwa pamoja, kwa hiyo kasi inayobaki ni kama nusu.

Chukua mfano wa nyumba ya tofali za saruji, ruta ikiwa sebuleni na seva kwenye chumba cha pili, kuta mbili nyuma. Tuseme kila safari ya hewani, ikiwa peke yake, ina uwezo wa megabiti 80 kwa sekunde. Filamu yetu inahitaji 30, kwa hiyo mtu huona kuna ziada kubwa. Lakini kwa kuwa hewa inatumika mara mbili, runinga hupata takriban 40. Wastani wa 30 unapita, ila kilele cha 60 hakipiti. Runinga hula akiba iliyojiwekea, akiba inaisha, na picha inaganda.

Hapo ndipo waya mmoja unapobadilisha hesabu. Seva ikifungwa waya hadi kwenye ruta, safari ya kwanza inatoka hewani kabisa, na runinga inabaki na megabiti zake 80 bila kuguswa yenyewe. Seva ndiyo ya kutangulia kufungwa waya, kwa sababu haihamihami na kila faili la nyumba hupitia kwake. Mara nyingi hata kuvuta waya hakuhitajiki: inatosha kuitoa chumbani na kuiweka kando ya ruta kwa waya wa mita moja.

Kabla ya kununua chochote, ni vizuri kuthibitisha kuwa kosa ni la waifai. Faili linalosumbua linakiliwa kwenye flashi na kuchomekwa moja kwa moja kwenye runinga. Likikwama hata hapo, tatizo ni faili au runinga. Kisha seva iangaliwe filamu inapochezwa: ikiwa inalazimika kuigeuza filamu kwenda muundo mwingine kwa sababu runinga hauelewi wa asili, prosesa yake hupanda hadi karibu asilimia 100. Waya hautatibu hilo.

Kupima kasi yenyewe, programu ya bure ya iperf3 inatosha. Kwenye seva inaandikwa:

```
iperf3 -s
```

Kompyuta mpakato inawekwa palepale runinga ilipo, ikiwa kwenye waifai ileile, na kuandikwa hivi, anwani ikiwa ni ya seva husika:

```
iperf3 -c 192.168.1.20 -R -t 60
```

Herufi `-R` huifanya seva ndiyo itume, kama inavyofanya filamu ikichezwa. Kila sekunde mstari mmoja hutokea, wenye kasi kwa `Mbits/sec`. Kinachotazamwa zaidi ni mistari ya chini kabisa, si wastani wa mwisho. Kasi inayoruka kati ya 90 na 5 itakwamisha filamu hata wastani wake ukionekana mzuri. Kipimo kirudiwe jioni, majirani wote wakiwa nyumbani.

Waya wa Cat5e unatosha: hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100. Uwe wa shaba tupu. Wa alumini iliyopakwa shaba huuzwa kwa bei ya chini, lakini hukatika kirahisi na hupoteza nguvu ya mawimbi kwa umbali. Ndani yake kuna nyaya ndogo 8. Kasi ya megabiti 100 hutumia 4 tu, ile ya gigabiti hutumia zote, kwa hiyo kichwa kilichobanwa vibaya huweza kufanya kazi huku kikishusha kasi kimyakimya. Kwenye seva ya Linux, amri ya `ethtool` ikifuatiwa na jina la kadi ya mtandao huonyesha hali hiyo: `Speed: 1000Mb/s` ni sawa, `100Mb/s` inaelekeza kwenye kichwa, waya, au tundu la ruta lisilo la gigabiti.

Kufunga runinga nako kuna kikomo chake. Runinga nyingi, hata mpya, zina tundu la megabiti 100, ambalo kwa kweli hutoa karibu 94. Linatosha kwa filamu nyingi, lakini faili kamili la diski ya 4K linaweza kufika kilele cha megabiti 128. Kwa faili hilo, runinga iliyo karibu na ruta, kwenye waifai ya gigahezi 5, inaweza kufanya vizuri kuliko waya wake yenyewe.

Waya wa shaba usipitishwe nje kati ya nyumba mbili, kwani radi inaweza kuunguza vifaa vya pande zote. Na kama kipimo cha iperf3 cha jioni kinabaki juu ya mara mbili ya wastani wa filamu nzito kuliko zote bila kushuka, waifai iliyopo inatosha na hakuna sababu ya kutoboa ukuta.