Mauzo yamepanda, mbona hela hakuna?

Chukua duka la jumla linalokopesha vifaa vya ofisi. Ndani ya siku 90 limekopesha bidhaa za Sh108 milioni, yaani Sh1.2 milioni kwa siku. Mauzo ya taslimu hayahesabiwi. Ankara ambazo hazijalipwa zimefika Sh54 milioni. Gawa deni hilo kwa mauzo ya siku moja: hela inachukua wastani wa siku 45 kurudi. Robo iliyopita zilikuwa 30.

Siku 15 zilizoongezeka ni Sh18 milioni zilizokwama kwa wateja, huku msambazaji akitaka chake ndani ya siku 30. Faida ipo, ila kwenye karatasi tu.

Kabla ya kuwasaka wadaiwa, tazama tarehe za ankara. Oda moja kubwa ya juzi inaweza kupandisha siku hizo bila mtu yeyote kuchelewa kulipa.