Anayejitolea naye akatiwe bima

Shirika la hisani linalofanya kazi Turkana likiletewa barua ya pendekezo na wakala wa bima, bodi hukimbilia ukurasa wa bei. Mimi ningeanzia penye orodha ya watu wanaokingwa.

Nchini Kenya, Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, maarufu kama WIBA, inamtaka mwajiri awakatie bima wafanyakazi wake. Fidia ya kifo au ya ulemavu kamili wa kudumu hukokotolewa kwa mapato ya miezi 96. Tuchukue muuguzi wa Lodwar anayelipwa shilingi 30,000 kwa mwezi: akifa kazini, fidia yake ni shilingi 2,880,000. Nyuma yake kwenye pikipiki amekaa kijana wa kujitolea, asiye na mkataba wa ajira wala mshahara, ila nauli tu. Wakianguka pamoja, barua iliyopanga fidia kwa kuzidisha mshahara haimpi kijana chochote, kwa kuwa 96 mara sifuri ni sifuri. Hilo si haki hata kidogo. Barua inayomjali itamwekea kiasi maalumu, tuseme shilingi milioni mbili, chini ya bima ya ajali ya kikundi, pamoja na kiasi cha kumtibu.

Pikipiki yenyewe nayo itazamwe. Bima nyingi za ajali haziilipii, au huilipia kwa masharti ya leseni na kofia ngumu. Kwa shirika ambalo watu wake hawana usafiri mwingine, sharti hilo halifai kufichwa ukurasa wa mwisho.

Halafu kuna ndege ya wagonjwa. Watu hudhani kwamba ajali ikitokea, shirika litakodi ndege kisha lidai fedha baadaye. Kwa kawaida sivyo: kampuni inayosimamia uokoaji ndiyo inayoidhinisha na kupanga safari, na ukikodi mwenyewe bila idhini, gharama inaweza kukubakia. Daktari wake atauliza mgonjwa anapumuaje, amevunjika wapi, uwanja wa ndege ulio karibu ni upi. Viwanja vingi vya kaskazini havina taa, kwa hiyo aliyeumia magharibi huenda akasubiri mapambazuko, na barua iseme nani atamhudumia usiku huo. Iseme pia kama bima inalipia ndege peke yake. Mgonjwa anaweza kutua Wilson salama, kisha akakwama mapokezi ya hospitali ya Nairobi kwa sababu hakuna barua ya dhamana wala amana ya kumlaza.

Kabla ya kutia saini, shirika liulize jambo moja zaidi: kijana aliyejiunga Jumatatu akaumia Jumatano, jina lake likiwa halijapelekwa, atalipwa? Wakala aombwe kuandika kwamba kinga inaanza siku ya kwanza ya kazi, na majina yanapelekwa kila mwisho wa mwezi.