Kumtoa Mpiga Video Pembeni mwa Maharusi
Maharusi wanakata keki, picha imetoka vizuri, ila ukingoni kulia kasimama mpiga video na taa yake. Ikiwa picha ina pikseli 6000 kwa 4000, kata 1200 za upande huo. Ili umbo lisibadilike, punguza na kimo kwa 800, na uzitoe juu kwenye mapambo ya ukumbi, maana chini kuna pindo la gauni. Zinabaki 4800 kwa 3200, ambazo bado zinachapika vizuri kwa upana wa inchi 16. Mstari wa kukata usipite kwenye kiwiko wala vidole vya bibi harusi. Mkono wa mpiga video ukiwa umeziba gauni, kukata hakusaidii. Hapo mpelekee fundi aufute. Na kata nakala, picha halisi usiiguse.