Kuomba mapumziko badala ya saa za ziada: neno moja katika barua

Mradi mkubwa ukiisha hapa Kamina, wafanyakazi wengi huandika barua ya kuomba siku chache za kupumzika. Mwenzangu mmoja, mfasiri wa Kiluba, Kiswahili na Kifaransa katika shirika fulani, alinionyesha barua yake. Ilisema: "Naomba konje ya siku tatu kwa sababu nimechoka na kazi ya mradi." Alipewa siku tatu, lakini zikakatwa kwenye konje yake ya mwaka. Kwa maneno aliyoyatumia, mwajiri alikuwa na njia ya kufanya hivyo.

Konje, yaani likizo, ni haki inayokua kadiri mtu anavyoendelea na kazi. Saa za ziada ni kitu kingine: ni kazi iliyokwisha kufanyika na bado haijalipwa. Uchovu ni sababu ya kuhurumiwa, wala hauonyeshi deni. Barua ya mwenzangu iliomba huruma mahali palipostahili kudai deni.

Tuangalie sheria. Kanuni ya Kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 inaweka kipimo cha saa 45 kwa juma na saa 9 kwa siku. Saa zinazopita hapo ni za ziada, na zinaleta ongezeko la mshahara. Kwa kawaida ongezeko ni asilimia 30 kwa kila saa ya sita za kwanza katika juma, asilimia 60 kwa kila saa inayofuata, na asilimia 100 kwa saa za siku ya mapumziko ya juma. Ona kwamba sheria inataja fedha. Kupokea mapumziko badala ya fedha ni mapatano kati ya mfanyakazi na mwajiri, na kwa hiyo maandishi yana uzito mkubwa.

Mwenzangu alikuwa ameandika saa zake kwenye daftari. Juma la kwanza alifanya saa 51, la pili 57, la tatu 49, la nne 41. Ukijumlisha yote unapata 198, na saa 45 mara nne ni 180. Mtu atasema ziada ni 18. Hesabu hiyo inadanganya, kwa sababu inaacha juma fupi la nne limeze saa za majuma mengine. Ukihesabu juma kwa juma, unapata 6, kisha 12, kisha 4: jumla 22.

Sasa tuzigeuze kuwa mapumziko. Saa kwa saa, 22 ni siku mbili za saa 9 na saa 4 juu yake. Lakini saa 16 zina ongezeko la asilimia 30, na saa 6 za juma la pili zina asilimia 60. Kumi na sita mara 1.3 ni 20.8, sita mara 1.6 ni 9.6. Jumla ni 30.4, yaani siku tatu na zaidi ya saa tatu. Anayekubali saa kwa saa anapoteza karibu siku nzima. Anaweza kukubali, lakini ajue anachoacha.

Kuna mtego mwingine, nao ni wa lugha. Wengi huita mapumziko haya "rekuperasyo". Katika Kifaransa cha sheria ya kazi, neno hilo pia lina maana ya kinyume: wafanyakazi kufidia saa zilizopotea kazi iliposimama. Neno lile lile laweza kumtaja anayedai saa na anayedaiwa. Afadhali kulifafanua ndani ya sentensi.

Tuliandika upya hivi: "Katika majuma matatu ya kwanza ya mradi, nilifanya saa 22 za ziada kwa agizo la mkuu wa mradi, kama orodha iliyoambatanishwa inavyoonyesha. Saa hizo hazijalipwa. Naomba nipewe mapumziko yenye malipo badala yake, pamoja na ongezeko lake, bila kupunguza konje yangu ya mwaka." Kiambishi -li- katika "nilifanya" kinaonyesha kazi imekwisha, "kwa agizo la" inazuia jibu la kwamba alibaki kwa hiari yake, na "bila kupunguza" inafunga mlango ule wa kwanza.

Barua hupelekwa kwa nakala mbili, moja irudi na tarehe na sahihi ya aliyeipokea. Mwajiri akikataa siku, deni la fedha linabaki. Hapo mfanyakazi huenda kwa inspekta wa kazi kwa upatanisho, maana Mahakama ya Kazi haipokei shauri ambalo halijapita kwake. Inspekta ataomba vitu viwili: orodha ya saa kwa juma, na agizo.